Ukali wa Chai Huishia Maziwa Yanapoingia

Leo tuzungumze chai ya maziwa, ile ya vibandani, kali na nzito, inayouzwa kando ya stendi na sokoni kabla jua halijapanda. Chai ya nyumbani tuiweke kando, maana huko mtu anajipikia vikombe viwili na akikosea anakunywa mwenyewe. Nazungumzia sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, foleni ya watu wenye haraka, na konda anayetaka kikombe chake sasa hivi kwa sababu gari limeshajaa.

Bila shaka umewahi kuona vibanda viwili vinavyopakana. Vyote vinanunua majani duka moja, vyote vinaletewa maziwa na kijana yuleyule wa baiskeli, lakini kimoja kina wateja wamesimama na kingine benchi liko tupu. Ukiuliza, watu watakwambia yule mama ana mkono. Sipingi kwamba mkono upo. Ila ukikaa karibu na jiko ukatazama kinachotangulia kuingia kwenye sufuria na kinachofuata, utagundua sehemu kubwa ya mkono huo ni mpangilio tu. Na hoja yangu leo ni moja: ukali wa chai hutengenezwa kwenye maji matupu, kabla maziwa hayajaingia. Maziwa yakishaingia, muda unaobaki jikoni ni wa kuyapika maziwa. Majani huwa yamekwisha kutoa sehemu kubwa ya yalichonacho, au ndiyo yamenyimwa nafasi ya kukitoa.

Nianze na majani yenyewe. Majani tunayotumia hapa Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa hayana sura ya jani hata kidogo. Ni chembe ndogo nyeusi, kama mchanga mnene. Zinatoka kwenye mashine inayolipitisha jani bichi katikati ya magurudumu yenye meno, likapondwa, likararuliwa na kuviringishwa. Mashine hiyo ilibuniwa na William McKercher huko Asamu, nchini India, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ndiyo iliyofanya chai ya maziwa ya bei nafuu iwezekane. Jani lililoraruliwa namna hiyo halina subira. Likigusa maji yanayochemka, linaachia rangi na ukali wake karibu wote ndani ya dakika tatu hadi tano. Kwenye mnada wa Mombasa chembe hizi hugawanywa kwa ukubwa: BP1 ni kubwa zaidi, PF1 inafuata, kisha PD, na D1 ni vumbi kabisa. Mwenye kibanda hahitaji kukariri herufi hizo. Inatosha amimine kidogo kiganjani aangalie. Kama ni vumbi, dakika mbili na nusu zinatosha. Kama chembe zinaonekana mojamoja, aende hadi nne.

Sasa kwa nini maji matupu? Kwa sababu maziwa yana protini na mafuta. Ile protini kuu ya maziwa, kaseini, hushikamana na tanini za chai, yaani vile vitu vinavyokausha ulimi na kuupa ukakasi. Hilo ni jema chai ikiwa imeshaiva, kwani ndilo linaloifanya chai kali inyweke bila kukunja uso. Lakini majani makavu yakitupwa kwenye mchanganyiko uliokwisha kuwa na maziwa, rangi hutoka kwa uvivu, na ule ukali unaochelewa kutoka unalainishwa hapohapo. Mpishi anatazama, anaona chai bado nyeupe, anaongeza kijiko cha majani. Dakika mbili baadaye anaongeza kingine. Mwisho wa mwezi anashangaa kwa nini pakiti zinaisha haraka kuliko za jirani.

Najua kwamba wapo watakaonipinga, hasa ndugu zetu wa Kenya bara, ambako nyumba nyingi huweka maji, maziwa, majani na wakati mwingine hata sukari kwa pamoja, halafu wakasubiri sufuria ipande. Chai yao naipenda. Ni laini, ina utamu wa maziwa, na maziwa huwa nusu kwa nusu na maji, pengine na zaidi. Kwa chai ya namna hiyo, ambayo maziwa ndiyo mwenyeji na majani ni mgeni, njia yao inafaa. Kibandani hesabu ni nyingine. Maziwa ni bei, maji ndiyo mengi, na mteja anataka chai inayomwamsha.

Basi tupike sufuria moja pamoja. Tuseme tunataka lita tano, yaani vikombe 25 vya mililita 200. Chukua sufuria ya lita nane, usichukue ya lita tano na nusu. Sababu yake itajionyesha mbele. Pima maji lita tatu na kikombe kimoja cha ziada. Kikombe hicho si zawadi kwa mteja, ni fidia: mvuke utaondoka na sehemu yake, na majani yenyewe yakilowa hubakiza maji mengi ambayo huyapati tena ukishachuja. Maziwa ni lita mbili. Majani ni gramu 50, na hapa biashara imeturahisishia kazi, kwa sababu pakiti ndogo za gramu 50 zipo karibu kila duka. Gramu 50 kwa vikombe 25 ni gramu mbili kwa kikombe, ambazo ni chai kali inavyostahili. Tangawizi mbichi, vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba. Sukari robo kilo kama unakoroga sufuriani, na kama wateja wako ni wa kujiwekea wenyewe, usiweke kabisa.

Maji yanatangulia, na tangawizi iliyotwangwa inaingia nayo yakiwa bado ya baridi. Yachemke pamoja dakika tano au zaidi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tangawizi ndiyo inayoharibu chai nyingi na lawama ikaangukia maziwa.

Ndani ya tangawizi mbichi kuna kimeng'enya kinachoitwa zinjibaini. Kazi yake ni kukata protini. Kikikutana na maziwa ya moto wa wastani, maziwa hukatika: yanafanya vipande vidogo vyeupe, na juu yake maji ya kijani yenye ukungu. Huko kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, wamefanya jambo hilo kuwa kitafunwa. Wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi, wanasubiri yagande, wanakula kwa kijiko. Sisi hatutaki maziwa ya kijiko. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, na kikichemshwa kinakufa.

Sasa piga hesabu. Una lita tatu za chai inayochemka, kisha unamwaga lita mbili za maziwa yaliyokaa kwenye ndoo kwa joto la kawaida la asubuhi. Moto wa sufuria unaporomoka mara moja hadi karibu nyuzi 70. Yaani kama tangawizi imeingia mbichi pamoja na maziwa, umeipeleka palepale inapopapenda, na kwenye jiko la mkaa itakaa kwenye joto hilo dakika kadhaa kabla sufuria haijachemka tena. Chai inakatika. Mama anamwita kijana wa maziwa, maneno yanatoka, kijana anaapa kwamba amekamua alfajiri. Na huenda anasema kweli. Tangawizi ikichemshwa kwanza na maji, mzozo huo haupo. Hiliki, mdalasini na karafuu hazina matatizo hayo, ziweke mapema tu ili harufu itoke.

Maji yakishachemka kwa nguvu, mimina majani yote kwa mara moja na ukoroge. Usimimine maji yanapoanza tu kutoa mapovu madogo ukingoni, subiri yapinduke. Hesabu dakika zako. Simu unayo, ina saa. Sufuria itapandisha povu la kahawia, litulize kwa mwiko. Dakika tatu zikitimia, chota kidogo kwa kijiko, mwaga kwenye kisahani cheupe. Unatafuta wekundu uliokolea, mweusi kiasi katikati na mwekundu pembeni, usiokuonyesha chini ya kisahani vizuri. Ukiona njano au kahawia nyepesi, majani hayajatosha au yamepoteza ukali kwa kukaa wazi. Huu ndio wakati pekee wa kurekebisha. Ongeza majani sasa, kwenye maji, wala usingoje kuongeza baadaye kwenye maziwa.

Hilo la majani kukaa wazi nisilipite. Majani ya chai hunyonya unyevu na hunyonya harufu. Nimeonja chai ya maziwa yenye harufu ya dagaa, na haikuwa na kosa lolote la upishi. Kopo la majani lilikuwa halina mfuniko na lilipakana na kapu la mboga. Kopo lenye mfuniko linalobana ni shilingi chache.

Dakika ya nne yanaingia maziwa. Ukiweza, yapashe moto kidogo pembeni kwanza, sufuria haitapoa sana na utaokoa mkaa. Kabla ya kuyamwaga yote, kama yametoka mbali au ni ya jana jioni, chemsha vijiko viwili kwenye kikombe cha bati juu ya makaa. Maziwa yaliyoanza kuchacha yanaweza kuonekana mazima yakiwa ya baridi, lakini yakichemka hukatika. Heri upoteze vijiko viwili kuliko sufuria nzima yenye majani, tangawizi na sukari ndani.

Maziwa yakishaingia, kaa hapohapo. Kwa dakika saba, nane, hakuna kinachotokea, na ndipo mpishi anapogeuka kukanda chapati. Halafu sufuria inapanda yote kwa mara moja. Protini na mafuta vimetanda juu kama ngozi, mvuke unanaswa chini yake, povu linapanda kwa sekunde chache na kuzima jiko. Ndiyo maana nilisema sufuria ya lita nane. Ikipanda, punguza makaa au isogeze pembeni, shika upawa, chota chai na uimwage kutoka juu, urefu wa mkono, mara kadhaa. Wengine wanadhani ni madoido ya kuvutia wateja. Yanavutia, sikatai, lakini kumwaga huko kunavunja ule utando, kunapoza povu, na kunachanganya chai ya chini na ya juu, kwa sababu maziwa yana tabia ya kushika chini ya sufuria nyembamba yakaungua. Na chai iliyoshika chini haina dawa. Usiikwangue, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine uokoe unachoweza.

Baada ya kupanda mara ya kwanza, iache ichemke taratibu dakika tatu, isizidi tano. Kama maziwa ni mabichi kutoka kwa mfugaji, kuchemka huku si jambo la hiari, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa brusela. Kama ni ya pakiti yale yanayokaa miezi bila friji, yamekwisha kupikwa kiwandani kwa moto mkali, na dakika moja ya kuchemka inatosha. Ukiyakokota yanatoa harufu ya maziwa yaliyoungua hata kama chini hakujashika kitu. Maziwa ya unga, ambayo Zanzibar na miji mingi ya pwani hutumika sana, yakoroge kwanza kwenye maji ya uvuguvugu hadi mabonge yaishe. Ukiyanyunyiza makavu kwenye chai inayochemka, utachuja mabonge pamoja na majani, na pesa yako imebaki kwenye chujio.

Sukari, kama ni ya sufuriani, iwe ya mwisho kabisa, sufuria ikishatoka motoni au ikiwa inakaribia kutoka. Ikitangulia huongeza uwezekano wa chai kushika chini.

Kisha chuja. Na chuja yote, papo hapo. Hapa ndipo vibanda vingi vizuri vinapoharibu kazi yao wenyewe. Chai ya saa kumi na mbili ni tamu, ya saa tatu imegeuka. Ukiangalia sufuria, majani bado yamo, makaa bado yapo, na kila chai ikipungua mama anaongeza maji kidogo na maziwa kidogo juu ya majani yaleyale. Majani yaliyotoa ukali wake mzuri saa tatu zilizopita yanabaki kutoa ukakasi. Mteja anakunywa, ulimi unakauka, meno yanakuwa na ukwaru, lakini chai yenyewe ni nyepesi. Anasema chai chungu. Mama anasikia "kali" na anafurahi. Chai kali inajaza kinywa kisha inaachia. Ya majani yaliyochakazwa haiachii, inabaki nyuma ya koo hadi ukanywa maji.

Kuna kosa jingine ambalo chanzo chake hakipo jikoni. Maziwa yameongezwa maji njiani. Wewe unapima lita mbili kwa lita tatu kama kila siku, lakini ndani ya lita mbili kuna nusu lita ya bomba. Chai inatoka nyembamba, rangi yake inazidi kuwa nyeusi kwa sababu maziwa ni machache, na ladha haina mwili. Mpishi akiisoma vibaya, anaongeza majani kesho yake, chai inakuwa chungu. Akiongeza muda wa kuchemsha, inakuwa chungu zaidi. Dalili ya kweli iko kwenye utando: mimina chai kwenye kikombe, iache itulie. Chai ya maziwa mazima hufanya ngozi juu baada ya dakika chache. Ya maziwa yaliyotiwa maji hufanya ngozi dhaifu, au haifanyi. Ukiona hivyo, zungumza na muuzaji wako, majani usiyaguse.

Mahali ulipo napo panabadilisha mambo kidogo. Maji ya pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya haipishani sana. Aliyezoea kupika Tanga akihamia Mbeya ataona chai yake inachelewa rangi. Aipe dakika moja zaidi kwenye maji, basi. Na wenye visima vya chumvi, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, mtaona chai inakuwa na rangi iliyofifia isiyo na mng'ao na utando unaometa juu hata kabla ya maziwa. Chokaa ya maji ndiyo inayoshikana na chai. Kuongeza majani hakuondoi utando huo. Nunua ndoo moja ya maji baridi ya bomba kwa ajili ya chai, ya kisima yaoshee vyombo.

Mama mmoja wa kibanda karibu na stendi, ambaye chai yake inaisha kabla ya saa tatu, nilimwamkia siku moja nikamuuliza mbona ana chupa nne ndogo za chai badala ya moja kubwa kama wenzake.

"Shikamoo, mama. Hizi zote za nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kubwa nikiifungua kwa kikombe kimoja, inapoa yote. Hizi nafungua moja, tatu zimelala."

Chai ya maziwa iliyochujwa ikikaa kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri hukaa moto saa mbili, tatu bila kubadilika sana. Ikizidi hapo inaanza kuwa na rangi ya kahawia iliyokolea na harufu ya maziwa yaliyopikwa mno, na chupa iliyobaki nusu hupoa upesi zaidi kuliko iliyojaa. Kwa hiyo yeye hupika sufuria ya lita tano mara mbili asubuhi, saa kumi na moja na saa moja, badala ya lita kumi kwa mpigo. Mkaa unatumika zaidi kidogo. Chupa huoshwa kwa maji ya moto kabla ya kujazwa, kwanza ili zisipoze chai, pili kwa sababu tone la chai ya jana lililobaki chini linatosha kuchachusha ya leo.